Tovuti Moja, Waandishi Wanne

Mwanachama wa SACCOS anafungua tovuti ya chama chake kwenye simu akitaka kujua namna ya kuomba mkopo. Ukurasa wa kwanza unamwambia: “Wanachama wote mnaarifiwa kuwa maombi ya mikopo yawasilishwe ofisini yakiambatanishwa na nakala za vitambulisho vya wadhamini wawili kabla ya tarehe 15 ya kila mwezi. Maombi yatakayochelewa hayatashughulikiwa.” Anabonyeza kiungo kinachofuata: “Ndoto yako ni ndoto yetu! Mkopo wa chapchap unakusubiri, usikubali kupitwa!” Wa tatu umevaa miwani ya mhasibu: “Mkopaji sharti awe na akiba isiyopungua theluthi moja ya kiasi anachoomba.” Anapofika kwenye fomu yenyewe anakutana na kijana wa TEHAMA: “Logini, dauniloadi fomu, ijaze, kisha aplodi.”

Chama hiki ni cha kubuni. Sentensi zake si ngeni kwa mtu aliyewahi kutafuta huduma kwenye tovuti ya chuo, halmashauri au mfuko wa bima. Katibu aliandika kurasa zake mwaka 2013, afisa masoko akaja 2016, afisa mikopo akaongeza masharti 2019, na mwaka 2022 mtaalamu wa kompyuta akaunganisha huduma za mtandaoni. Hakuna aliyekosea kazi yake. Kila mmoja aliandika kama alivyozoea kuandika, na hakuna aliyefuta cha mwenzake.

Msomaji hajui historia hiyo. Kwake tovuti ni chama kinachosema naye, na chama hicho kinamwamuru, kisha kinambembeleza, kisha kinamtaja kana kwamba hayupo chumbani, halafu kinamtupia maneno ya duka la intaneti. Athari yake si ya urembo tu. Anayesoma “mkopo wa chapchap unakusubiri” na dakika moja baadaye “hayatashughulikiwa” hana budi kujiuliza ni ukurasa upi unasema kweli, na mara nyingi anamaliza kwa kupiga simu ofisini. Tovuti ilijengwa ili simu hizo zipungue.

Ofisi nyingi zikigundua tatizo hili humwita mtu “mwenye Kiswahili kizuri” apitie kurasa zote azinyooshe. Miezi michache baadaye tovuti inakuwa na waandishi watano badala ya wanne. Mrekebishaji ameongeza ladha yake juu ya ladha za wengine, na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa kueleza alichoamua na kwa nini, ukurasa utakaotungwa kesho utarudi kwenye mazoea ya atakayeutunga.

Serikali ya Uingereza ilipitia hali hii kwa ukubwa wa kutisha. Wizara na idara zake zilikuwa na utitiri wa tovuti, kila moja na namna yake ya kusema na raia. Mwaka 2010 Martha Lane Fox, aliyekuwa mshauri wa serikali kuhusu mambo ya kidijitali, alimwandikia Waziri Francis Maude akipendekeza huduma za serikali zikusanywe mahali pamoja. Tarehe 17 Oktoba 2012 tovuti ya GOV.UK ilichukua rasmi nafasi ya tovuti mbili kubwa, Directgov na Business Link, na baadaye wizara na mamia ya taasisi zikahamia humo. Waandishi walikuwa wengi, wametoka ofisi tofauti, na wengi walizoea lugha ya nyaraka za serikali.

Walichofanya ni kuandika maamuzi machache yanayoweza kukaguliwa na mtu yeyote, bila kutegemea ladha. Msomaji aitwe “wewe”. Sentensi ikipita maneno 25, itazamwe upya. Yakaorodheshwa pia maneno ya kukwepa, na orodha hiyo ina ucheshi wake: inakumbusha kwamba pizza, barua na huduma ndizo zinazopelekwa kwa watu, wala si vitu vya kufikirika kama “maboresho”. Na ukurasa haukuchapishwa kabla mtu wa pili, ambaye hakuuandika, hajausoma.

Mwandishi wa Kiswahili hawezi kuunakili mwongozo huo ulivyo. Kikomo cha maneno 25, kwa mfano, kinalegea sana katika lugha ambayo “hawatanirudishia” ni neno moja. Ukurasa unaosomwa kwenye simu ungefaa uwe na kikomo kifupi zaidi, tuseme maneno 18. La kuiga ni njia yenyewe: toni ishushwe kutoka kwenye hisia iwe maamuzi ya kisarufi.

Katika Kiswahili maamuzi mazito ni matatu, na tovuti ya SACCOS yetu imeyakosa yote.

La kwanza ni nani anaambiwa. Katibu anaandika “wanachama wote mnaarifiwa”, kana kwamba amesimama kwenye mkutano mkuu na kipaza sauti mkononi. Afisa masoko anasema “wewe”. Afisa mikopo anasema “mkopaji”, nafsi ya tatu, mtu wa mbali. Lakini anayesoma simu anaisoma peke yake, ndani ya daladala au nyuma ya kaunta ya duka lake, na hakuna umati unaomsikiliza katibu. Nafsi ya pili umoja inamfaa: “Ukiomba mkopo, utahitaji wadhamini wawili.” Haimvunjii heshima. Heshima ya Kiswahili iko zaidi kwenye umbo la ombi na uteuzi wa maneno kuliko kwenye kumgeuza mtu mmoja kuwa wengi.

La pili ni nani anasema. “Chama kitakujulisha”, “utajulishwa” na “tutakujulisha” zinabeba habari moja, ila ya kati imemficha mtendaji. Kauli ya kutendwa ndiyo maficho yanayopendwa na ofisi: ombi litashughulikiwa, malalamiko yatachunguzwa, hatua zitachukuliwa. Na nani? Kuchagua “sisi” kuna gharama, kwa sababu aliyeandika “tutakujibu ndani ya siku saba” amejifunga. Kuna mameneja wanaoipinga nafsi hiyo kwa sababu hiyo hasa, na pingamizi lao ni habari muhimu: linaonyesha kwamba huenda ofisi haina hakika na muda inaoutaja.

La tatu ndilo gumu, nalo ni namna ya kumwagiza mtu. Kiswahili kina ngazi nyingi hapa. “Leta kitambulisho.” “Ulete kitambulisho.” “Tafadhali leta kitambulisho.” “Tunaomba ulete kitambulisho.” “Lazima ulete kitambulisho.” “Mwombaji awasilishe kitambulisho.” “Unaagizwa kuwasilisha kitambulisho.” Mtu akiachiwa huru atapanda na kushuka ngazi hizi kwa kufuata alivyoamka. Wengine hutia “tafadhali” kila mstari hadi hatua kumi za kujaza fomu zinakuwa na tafadhali kumi, na msomaji anaanza kuhisi anabembelezwa kuliko anavyoelekezwa.

Kanuni inayofanya kazi ni kugawa ngazi kwa kazi. Hatua zinazofuatana ziandikwe kwa amri ya kawaida: jaza, saini, tuma. Hakuna anayekasirishwa na “jaza” ndani ya maelekezo, kama vile hakasirishwi na “kaanga kitunguu” katika mapishi. Kwa jambo ambalo msomaji anaweza kukataa, mathalani kujaza dodoso la maoni, itumike “tunaomba ujaze”. Kwa sharti ambalo likikosekana ombi linakataliwa, itumike “lazima”, na isitumike kwingine. Hapo neno “lazima” linapata uzito wake. Likiwa kila mahali, msomaji hawezi kujua ni wapi mlango unafungwa kweli.

Maamuzi haya hayafanywi hewani. Kwanza kurasa zote ziorodheshwe, kazi inayochosha ambayo watu hupenda kuiruka. Tovuti ikiwa imejengwa kwa WordPress, kama zilivyo nyingi, mwenye ufikiaji wa seva anaweza kupata orodha kwa amri moja:

```
wp post list --post_type=page --fields=ID,post_title,post_date,post_author --format=csv
```

Matokeo yake hufunguka kama jedwali: kichwa, tarehe, mwandishi. Ongeza safu tatu: ukurasa unatazamwa mara ngapi kwa mwezi, idara gani inamiliki habari zake, na uamuzi. Uamuzi uwe mmoja kati ya minne: ubaki, uhaririwe, uunganishwe na mwingine, au ufutwe. Katika tovuti iliyokaa miaka kumi safu hii ndiyo hushangaza. Kuna kurasa tatu zinazoeleza mkopo uleule, na kuna ukurasa wa semina iliyokwisha zamani. Hakuna maana ya kusawazisha toni ya ukurasa ambao haukupaswa kuwepo.

Orodha hiyo hata hivyo haikamati maandishi yote. Ujumbe wa kosa kwenye fomu, maneno ya vitufe, barua pepe ya uthibitisho inayojituma yenyewe, SMS ya kukumbusha rejesho, matangazo yaliyochorwa kama picha na mafaili ya PDF vimefichwa ndani ya mifumo mingine. Msomaji anakutana navyo wakati ana wasiwasi zaidi, yaani anapobonyeza “Tuma” na kitu kikakataa. Njia ya kuvipata ni kufanya kile anachofanya mwanachama: kuomba mkopo mwanzo hadi mwisho, kukosea nenosiri kwa makusudi, kuacha sehemu wazi, na kupiga picha ya kila kinachojitokeza kwenye skrini.

Baada ya hapo kuna kishawishi. Mtaalamu wa kompyuta atasema kwamba kubadili neno moja katika kurasa zote ni kazi ya sekunde, na kwa kiasi fulani ni kweli. WordPress ina amri ya kutafuta na kubadilisha. Chama kikiamua kuacha “nenosiri” na kutumia “nywila”, amri ni hizi, ya kwanza ikihifadhi nakala ya hifadhidata na ya pili ikijaribu tu bila kubadili kitu:

```
wp db export
wp search-replace 'nenosiri' 'nywila' wp_posts --dry-run
```

Kisha ngeli zinaingia na kuvuruga hesabu. Maneno “nenosiri lako limekwisha muda” yatageuka “nywila lako limekwisha muda”. Kivumishi na kitenzi vinabaki na upatanisho wa neno lililoondoka. Kubadilisha “mkopaji” kuwa “wewe” ni janga zaidi: “mkopaji atapewa fedha zake” inazaa “wewe atapewa fedha zake”, ilhali kinachotakiwa ni “utapewa fedha zako”, ambamo neno “wewe” halimo hata kidogo. Kwa Kiswahili, basi, zana hizi zinafaa kutafuta kuliko kubadilisha. Ziache zikuonyeshe “nenosiri” limo kwenye kurasa zipi, halafu mtu akae na kila sentensi.

Akae nayo vipi? Turudi kwenye tangazo la katibu. Mhariri analigeuza kwa kanuni tatu zilizotajwa na kupata hivi: “Kuomba mkopo, jaza fomu na uilete ofisini. Lazima iambatane na nakala za vitambulisho vya wadhamini wako wawili. Tunapokea fomu za mwezi huu hadi tarehe 14.” Hapo anakwama. “Kabla ya tarehe 15” inamaanisha 14 ndiyo mwisho, lakini je, hivyo ndivyo ofisi inavyofanya, au fomu ya tarehe 15 asubuhi hupokewa? Na “hayatashughulikiwa” inamaanisha ombi linatupwa au linasubiri mwezi ujao? Kauli ya kutendwa ilikuwa imeyafunika maswali yote mawili kwa miaka tisa. Anamfuata afisa mikopo na kujibiwa kwamba 15 hupokewa, na kwamba ombi lililochelewa husubiri. Sentensi mpya inakuwa: “Tunapokea fomu hadi tarehe 15. Ukichelewa, tutaishughulikia fomu yako mwezi unaofuata.”

Angalia kilichotokea. Toni imelainika, na pia ukurasa umeacha kusema jambo lisilo kweli. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba kila ukurasa una swali la namna hii ndani yake, ndiyo maana mhariri asiyeruhusiwa kuwauliza wenye habari atabaki akipamba makosa. Ukurasa ukishaandikwa upya urudi kwa idara husika kukaguliwa ukweli, na idara iombwe itie alama kwenye kilicho kosa, si kwenye kile ambacho ingekiandika vingine. Bila mpaka huo katibu atarudisha “mnaarifiwa” kwa kalamu nyekundu.

Mpaka mwingine uko upande wa sheria. Masharti ya mkataba wa mkopo na kanuni za chama zilizosajiliwa hazibadilishwi na mhariri wa tovuti, hata ziwe nzito kama zege. Zibaki neno kwa neno, na juu yake uwekwe muhtasari wa lugha ya kawaida, ukisema wazi kwamba kinachofunga kisheria ni maandishi ya chini. Taarifa za habari za miaka iliyopita nazo ziachwe. Ni kumbukumbu, na kuzihariri leo ni kuchezea rekodi. Salamu za mwenyekiti zenye saini yake zinaweza kubaki na sauti yake, maana msomaji anajua anayesema ni nani.

Kusawazisha pia hakumaanishi kila ukurasa upige noti ileile. Kampuni ya Mailchimp ya Atlanta, Marekani, inayotoa huduma ya kutuma barua pepe za biashara, iliuweka hadharani mwongozo wake wa uandishi, na wengi wameuazima tangu hapo. Unatofautisha vitu viwili: sauti, ambayo ni tabia ya kampuni na haibadiliki, na toni, ambayo hufuata hali ya msomaji. Mailchimp ina kinyago cha sokwe na inapenda utani, lakini mwongozo wake unamtaka mwandishi ajiulize kwanza msomaji yuko katika hali gani. Aliyefanikiwa kutuma barua zake anaweza kuchekeshwa. Aliyefungiwa akaunti hapaswi.

Kwenye SACCOS yetu jaribio la hilo ni ukurasa wa marejesho yaliyochelewa. Afisa masoko aliwahi kuandika hapo: “Usiwe mdaiwa sugu, lipa leo upate amani ya moyo!” Anayeusoma huenda amefiwa, au duka lake limeungua. Maandishi mapya yanabaki na nafsi zilezile na amri zilezile, ila alama ya mshangao imeondoka na ahadi ya amani haipo: “Ukiona huwezi kulipa rejesho kwa tarehe yake, tupigie kabla ya tarehe hiyo kufika. Tunaweza kujadiliana nawe kuhusu ratiba mpya. Ukichelewa bila kutujulisha, tutawasiliana na wadhamini wako.” Sentensi ya mwisho ni kali, na inapaswa kuwa hivyo, kwa sababu ndiyo hali halisi. Upole usiofichua kwamba wadhamini watapigiwa simu ungekuwa ukatili wa aina nyingine.

Mwongozo unaotokana na yote haya ukizidi kurasa mbili hautasomwa. Unaofaa una yale maamuzi matatu, maneno kumi au kumi na mawili yaliyochaguliwa (nywila, ingia, pakua, pakia, rejesho, mdhamini), namna moja ya kuandika saa, na jozi tano au sita za sentensi: ilivyokuwa na ilivyo sasa. Jozi ndizo zinazofundisha. Mtumishi mpya akiona “hatua zitachukuliwa” upande mmoja na “tutakupigia simu ndani ya siku mbili” upande wa pili, hahitaji somo la kauli ya kutendwa. Kuhusu saa, tovuti nyingi zina “saa 2:00 asubuhi” kwenye ukurasa mmoja na “8:00” kwenye mwingine, na wapo waliokuta mlango umefungwa kwa sababu hiyo.

Ni nani aliyehusishwa kuuandika mwongozo huo ni jambo la kufikiria mapema. Katibu, afisa masoko na afisa mikopo bado wapo ofisini, na kurasa zinazokosolewa ni zao. Njia ya busara ni kuwakutanisha kwa asubuhi moja, kuwapa aya ile ya tarehe 15 iliyoondolewa jina la mwandishi, na kumwomba kila mmoja amweleze kwa mdomo mwanachama anayesimama dirishani. Karibu wote husema vizuri kuliko wanavyoandika. Katibu aliyeandika “yakiambatanishwa na nakala” atasema, “Mama, lete fomu yako na vitambulisho vya wadhamini wawili.” Ukiondoa “mama”, umepata sentensi ya tovuti.

Kazi ianze na kurasa zinazotazamwa zaidi. Kumi za kwanza kwa kawaida ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya wasomaji, na zikikamilika mabadiliko yanaanza kuonekana hata kama nyingine hamsini bado. Kisha ateuliwe mtu mmoja, mwenye jina na muda uliotengwa, ambaye kila ukurasa mpya unapita kwake kabla ya kuchapishwa. Kila baada ya miezi mitatu atafute alama za mazoea ya zamani. Anaweza kutumia Google, akiweka anwani ya tovuti yake mahali pa example.com:

```
site:example.com "mnaarifiwa"
```

Afanye hivyo pia kwa “hatua zitachukuliwa”, “mkopaji sharti” na “aplodi”. Ukurasa wa mwaka 2013 ukijitokeza, ulirukwa kwenye orodha na unaweza kuhaririwa leo. Ukijitokeza wa mwezi uliopita, kuna mtu anayechapisha bila kupitia kwake, na hapo kazi yake ni kujua ni nani mwingine ana nywila ya tovuti.